Tilapia wa moshi: ukiona 95 Bukavu, usikisahihishe kipimajoto

Wewe unayeanza kubanika samaki kwa moshi hapa Bukavu, nakuanzia na kosa lililoniharibia kazi ya kwanza. Nilinunua kipimajoto cha sindano, nikakijaribu kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Kikasoma 95. Nikajua shuleni maji huchemka kwa nyuzi 100, basi nikasema kinapunguza tano. Kuanzia hapo kila kilichosoma nikawa naongeza tano. Samaki waliposoma 58, nikahesabu 63, nikawatoa. Mama mmoja niliyemuuzia alirudi na samaki wake amefunuliwa: nje rangi ya dhahabu, lakini kwenye mfupa wa mgongo nyama bado inang'aa kama kioo na imeung'ang'ania mfupa.

Kipimajoto kilikuwa kizima. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji huchemka yakifika kama nyuzi 95. Kama unataka kukijaribu, tumia barafu iliyopondwa ndani ya maji kidogo. Hiyo husoma 0 hata ukiwa mlimani. Nyuzi 63 za samaki nazo hazibadiliki kwa sababu ya mlima. Nyama ya ndani kabisa ifike 63 na ikae hapo dakika 30. Sindano iingie nyuma ya kichwa, penye nyama nene, isiguse mfupa.

Sasa nikuoneshe mzigo mmoja wa tilapia kumi wa nusu kilo. Napasua mgongoni, natoa matumbo na mashavu, naosha damu yote iliyolala kando ya mfupa. Nawalaza saa moja kwenye maji ya chumvi, gramu 80 kwa kila lita, kisha nawasuuza na kuwatundika kivulini penye upepo, nikiwafunika na wavu wa nzi. Ngozi ikikauka na kunata kidogo kwenye kidole, moshi utashika sawasawa. Samaki mbichi mwenye maji hubadilika rangi kwa mabaka na hutoka mchungu.

Pipa langu ni la lita 200, lililobeba mafuta ya kula, na nililichoma tupu kwanza. Chini lina mlango mdogo, juu kuna nondo za kutundikia. Katikati niliweka bati lenye matundu ili mafuta ya samaki yasidondokee motoni, kwani yakidondoka yanatoa moshi mweusi wa masizi. Liweke nje, kamwe si jikoni pamefungwa: gesi ya makala huua bila harufu.

Nusu saa ya kwanza nawasha makala tu, mfuniko wazi, hewa ya ndani ikiwa kama nyuzi 50. Ukikimbilia moto mkali hapa, nyama inapasuka, inatoa ute mweupe na samaki wanaanguka kutoka kwenye nondo. Halafu naongeza kuni, nafunika, nashikilia nyuzi 80 kwa saa moja na nusu. Mwisho naongeza makala hadi hewa ifike 110. Siku hiyo samaki mnene kuliko wote alifika 63 baada ya dakika 40, ndipo nikaanza kuhesabu zile dakika 30. Muda wako unaweza kutofautiana na wangu kwa sababu ya upepo na unene wa samaki. Fuata sindano.

Kuni natumia mpera au mwembe, iliyokauka vizuri. Miti ya mikaratusi imejaa huku na ni rahisi kupata, lakini mafuta yake huacha ladha ya dawa. Msonobari nao una utomvu unaotoa masizi. Mbao za ujenzi zenye rangi au dawa usiziguse kabisa. Moshi mzuri ni mwembamba, wa samawati. Ukiwa mweupe na mzito, ama kuni ni mbichi, ama mlango wa chini haupitishi hewa.

Ukija kwenye soseji za nguruwe au ng'ombe, pipa ni lile lile, ila ndani zifike 71, kwa kuwa nyama ya kusaga imechanganya vijidudu vya juu hadi katikati.

Jambo ambalo wateja wengi hawalijui: samaki huyu si yule mkavu wa sokoni Kadutu aliyekaa motoni hadi akawa mgumu. Huyu wetu bado ana maji, na moshi pekee haumlindi. Mwache apoe wazi, asifungwe kwenye mfuko akiwa na mvuke, kisha aingie friji chini ya nyuzi 4. Umeme ukikatika usiku mzima na friji ikapata joto, usimuuze asubuhi hata kama hananuki: sumu ya botulizimu haina lazima ya kunuka. Mimi ninapobanika bila uhakika wa friji, nachukua oda kwanza, nabanika idadi hiyo tu, na kila mmoja anaondoka siku hiyo hiyo.