Mtoto Akiacha Kuzunguka, Mwache Kwanza Asimame

Waliowahi kuandaa michezo ya watoto ufukweni Shangani, hapa Mtwara, wanaujua ule wa fimbo. Mtoto anasimamisha fimbo mchangani, anainama mpaka paji la uso liguse ncha yake, anaizunguka mara kumi, kisha anainuka na kukimbilia mnazi. Hafiki. Miguu inampeleka upande, anaanguka, nasi watu wazima tunavunjika mbavu. Mimi ni mwalimu na nimesimamia mchezo huu mara nyingi. Siku hizi siuchezeshi hivyo tena, na sababu iko ndani ya sikio.

Ndani kabisa ya kila sikio, kwenye mfupa, kuna mifereji mitatu iliyopinda kama pete, kila mmoja mdogo kuliko sentimita moja kwa upana. Imeelekea pande tatu tofauti, ili kichwa kikigeuka upande wowote, uwepo angalau mmoja wa kuhisi. Imejaa majimaji. Kwenye mguu wa kila mfereji pana uvimbe mdogo uliozibwa na kizibo laini cha ute, na ndani ya kizibo hicho zimezama seli zenye vinyweleo.

Kichwa kikianza kuzunguka, mfupa unakwenda nacho lakini majimaji yanabaki nyuma kidogo. Ukizungusha ghafla ndoo ya maji yenye jani juu yake utaona jambo hilohilo: ndoo inageuka, jani linabaki pale pale. Majimaji yaliyobaki nyuma yanapinda kizibo, vinyweleo vinalala upande mmoja, na ubongo unapata habari. Ukigeukia kulia, sikio la kulia linaongeza kasi ya habari zake na la kushoto linapunguza.

Mfereji huu unahisi kubadilika kwa mwendo, si mwendo wenyewe. Mtoto akizunguka kwa kasi ileile, baada ya sekunde kadhaa kizibo kinarudi wima chenyewe, na mifereji inaripoti kwamba kichwa kimetulia. Ndiyo maana kwenye mzunguko wa saba au wa nane utamsikia akicheka na kusema yuko sawa. Akisimama, mfupa unasimama, majimaji yanasukuma mbele, na kizibo kinapindwa upande wa pili. Sasa ubongo unaambiwa anazunguka kinyume. "Ticha, nchi inaondoka!" Macho nayo yanadanganyika: yanateleza polepole kuelekea alikokuwa akizungukia, yanaruka kurudi, yanateleza tena. Mtazame karibu utaona.

Wengi husema majimaji yanaendelea kuzunguka muda wote huo. Hapo mfano wa ndoo unaishia, maana mfereji ni mwembamba mno na majimaji yanakwama karibu papo hapo. Kinachochelewa ni kizibo, ambacho kinarudi taratibu kwa sekunde chache, kisha ubongo wenyewe unairefusha habari hiyo mpaka sekunde ishirini hivi, hata zaidi. Daktari Robert Bárány, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1914 kwa kazi yake juu ya sikio hili, aliwazungusha watu kwenye kiti mara 10 kwa sekunde 20, akakisimamisha ghafla na kuchunguza macho yao. Mchezo wetu ni kipimo chake, ila cha mchangani.

Kuinama ndiko kunakoukoleza. Mtoto anazunguka uso ukitazama chini, kwa hiyo mifereji iliyosisimka ni ile inayohisi kichwa kulalia bega. Akiinuka, habari inabaki kwenye mifereji ileile, lakini sasa kichwa kiko wima. Haoni tena kwamba anazunguka, anaona kwamba anaangukia ubavu. Aliyezunguka kuelekea kulia anajihisi anaangukia kushoto, anajirudisha kulia kwa nguvu, na huko kulia ndiko anakoanguka kweli. Mlinzi, simama upande huo.

Kwa hiyo nimepunguza mizunguko iwe mitatu ya haraka. Kizibo kinakuwa hakijapata muda wa kurudi, basi msukumo wa kusimama unafuta ule wa kuanza, na mtoto anakimbia akiyumba kidogo tu. Wakitaka kumi, sawa, ila akimaliza asikimbie. Apunguze mwendo taratibu, ainuke, ashike fimbo, afumbue macho na kukazia jahazi lililotia nanga au kitu chochote kisichosogea. Macho yaliyofumbwa hayaupi ubongo kitu cha kupingana na uongo wa sikio.

Baada ya dakika moja awe ametulia. Kizunguzungu kinachokuja bila kuzunguka, kwa mfano ukijigeuza kitandani, kina chanzo kingine na kinahitaji daktari. Kikija pamoja na ulimi mzito, kuona vitu viwili viwili au udhaifu wa mkono, nenda hospitali saa hiyohiyo.