Odi Ikiwekwa Vibaya, Mkeka Wako Unabaki na Nini?

Karibu kila kampuni ya kubeti ina kifungu fulani huko chini kwenye masharti, watu wengi hawakifikii, kinasema kama bei ilitokea kwa kosa la wazi basi kampuni ina haki ya kufuta hiyo beti ama kuilipa kwa bei iliyofaa kuwa. Zingatia hilo neno "ama". Ni vitu viwili tofauti kabisa na pesa yako inategemea ni gani wametumia, na huku Kisumu nimeona watu wakipigania pesa ambayo hawawezi pata huku ile wanayostahili wanaiacha hapo hapo mezani.

Nikupe kesi ya binamu yangu, anaendesha boda pale Kondele. Jumamosi moja alipanga mkeka wa mechi nne, akaweka mia mbili. Odi zilikuwa 1.55, 1.80, 6.50 na 1.40. Hiyo 6.50 ndiyo ilikuwa na shida, kwa sababu ilikuwa ya timu iliyokuwa juu ya jedwali, iko nyumbani, inacheza na timu inayopigania isishuke daraja. Bei ilikaa hivi: mwenyeji 6.50, sare 4.20, mgeni 1.48. Yaani mtu aliyeingiza bei alibadilisha pande, ya mwenyeji ikaenda kwa mgeni na ya mgeni ikaja kwa mwenyeji.

Mechi zote nne zikaingia. Slipu ilikuwa imeandika 5,077, lakini usiku akaangalia akaunti akapata wamemlipa 781. Akanijia asubuhi na simu mkononi, "Omera, hawa watu wamenila mchana."

Tukakaa tukapiga hesabu. Odi zote nne ukizidisha unapata 25.39, mara mia mbili ndio hiyo 5,077. Wao walifanya nini, waliivoidi ile mechi ya tatu, na mechi ikivoidiwa ndani ya mkeka haiuui mkeka, inahesabiwa odi ya 1.00 tu kama haikuwepo. Zilizobaki tatu zinazidisha mpaka 3.906, mara mia mbili, 781. Hesabu yao ilikuwa sawa. Lakini tulipofungua masharti ya hiyo kampuni, kifungu chao kilisema beti iliyokubaliwa kabla mechi kuanza kwa bei yenye kosa italipwa kwa bei sahihi, kufuta ni pale tu bei sahihi haijulikani. Na hii ilikuwa inajulikana vizuri sana, kila kampuni ingine ilikuwa imeweka mwenyeji kwenye 1.45 mpaka 1.50. Weka 1.48 pale penye 6.50 uone, odi inafika 5.78, pesa ni 1,156. (Kodi nimeiweka kando ili hesabu isichanganye.)

Kwa hivyo nilimwambia asahau elfu tano. Hiyo hapati, na sioni kama ni dhuluma, kosa lilikuwa linaonekana na masharti aliyakubali alipofungua akaunti. Apiganie 1,156. Tukaandika kwa chati ya kastoma kea, fupi tu: namba ya slipu, saa aliyobeti, saa mechi ilianza, kile kifungu tukakinakili neno kwa neno, halafu "naomba mechi ya tatu ilipwe kwa bei sahihi, si kuvoidiwa". Hakuna matusi, hakuna stori ndefu. Jibu la kwanza lilikuwa la kukopi na kupesti, tukatuma tena ile ile na tukaomba ipelekwe kwa watu wa malipo. Wakaongeza zile 375 zilizobaki.

Sasa utajuaje hii ni kosa na si kampuni tu imekuwa na mkono wazi siku hiyo? Kuna hesabu ndogo inasaidia. Chukua 1 ugawanye na kila odi ya hiyo mechi, mwenyeji, sare, mgeni, halafu ujumlishe. Kawaida inakuja juu kidogo ya 1, tuseme 1.05 ama 1.08, hiyo inayozidi ndiyo faida ya kampuni. Tuseme sasa nukta ilikaa pabaya, badala ya 1.48 mtu akaandika 14.8. Ukijumlisha unapata kama 0.46. Hakuna kampuni inauza mechi hivyo, maana ungeweza kubeti pande zote tatu na ukatoka na faida yoyote itakayotokea. Hiyo ukiiona jua itafutwa, na wao watakuwa na haki.

Lakini shida ya kubadilisha pande ni kwamba hesabu hii haiishiki. Za binamu yangu ukijumlisha unapata 1.07, safi kabisa, kwa sababu namba ni zile zile zimehama tu. Hapo lazima uangalie kampuni zingine, ama uangalie soko lingine kwa mechi hiyo hiyo. Kama mwenyeji yuko 6.50 ya kushinda lakini "mwenyeji ama sare" iko 1.10, hizo mbili haziwezi kuwa kweli pamoja.

Na kuna upande mwingine, kampuni zikitumia hiki kifungu vibaya. Wewe umechukua 2.10, kwingine iko 1.85, mechi inaisha umeshinda, wanasema lilikuwa kosa. Hapana. Hiyo ni tofauti ya kawaida ya soko, na bei pia inashuka kukiwa na habari ya timu, mshambuliaji karudi, kipa kaumia. Kinachoangaliwa ni bei ya kwingine ile dakika ulibeti, si ile ilifungia. Ndio maana skrinshoti ya kampuni mbili tatu piga kabla mechi ianze, mpira ukishaanza zile bei zinatoka kwa apu na huna kitu cha kuonyesha. Wakikataa kabisa, lalamiko linaenda kwa serikali, zamani ilikuwa bodi ya BCLB, na sheria mpya ya kamari ya 2025 imeleta mamlaka mpya kuchukua hiyo kazi.

Watu watakuambia kule Amerika walilipa. Ni kweli, Septemba 2018 kule Nyu Jezi, FanDuel ilionyesha bei mbaya kwa sekunde 18 hivi mechi ikiendelea, jamaa akaweka dola 110 na tiketi ikasoma zaidi ya dola 82,000, wakati bei sahihi ingempa faida ya kama dola 18. Kwanza walikataa, kelele zikawa nyingi, wakalipa. Walilipa kwa kupenda kulinda jina, masharti yao hayakuwalazimisha, kwa hivyo usiende na hiyo kesi kwa kastoma kea ukidhani itakusaidia.

Kitu ambacho watu hawaulizi kabisa ni wale waliobeti upande wa pili. Ile mechi, kuna mtu alichukua mgeni kwa 1.48 akidhani ndiye mkali, kumbe bei yake halali ni 6.50. Mgeni angeshinda, huyo mtu angefaa adai alipwe kwa 6.50 kwa kifungu kile kile. Na mgeni alipopoteza, kama kampuni imevoidi hiyo bei kwa walioshinda, basi inafaa iivoidi pia kwa walioanguka, mechi yake iwe 1.00 na mkeka wake ubaki hai kama zingine ziliingia. Kampuni haitakupigia simu kukuambia hilo. Ukisikia mechi fulani imefutwa kwa kosa la bei, fungua mikeka yako iliyochanika wiki hiyo uangalie kama ilikuwemo, na uandike siku hiyo hiyo.