Barua ya kumwongeza mtoto mchanga kwenye bima ya kazini: usisubiri cheti

*"Wakuu, mke wangu kajifungua tarehe 10 Machi, mtoto wa kike. Bima yetu ni ya kazini kwangu, kampuni binafsi, tumo mimi, mke na watoto wawili. Mkataba unasema mtoto mchanga aongezwe ndani ya siku 30. Cheti cha kuzaliwa bado, na jina lenyewe wazee hawajaelewana. Nisubiri cheti au niandike barua sasa? Na barua inaandikwaje?"*

Mkuu, hongera sana, na mfikishie mama hongera ya uzazi. Andika sasa, leo ukiweza. Cheti na jina vitafuata.

Nafanya kazi ofisi ya utumishi ya kampuni moja hapa Dar, orodha za wategemezi wa bima zinapita mezani kwangu, na watoto wangu mwenyewe wameingia kwenye bima kwa njia hiyohiyo. Ninayoeleza hapa ni bima za kampuni binafsi zinazonunuliwa na mwajiri. Kwa mwanachama wa NHIF utaratibu ni mwingine.

Tuanze na kalenda, maana ndiyo inayowaumiza wengi. Siku 30 zinahesabiwa tangu mtoto azaliwe, si tangu mlipotoka hospitali. Kuna mikataba inayoifanya siku ya kuzaliwa kuwa ya kwanza, na kuna inayoanza kesho yake. Kwako mwisho ni tarehe 8 au 9 Aprili, kwa hiyo shika 8. Sasa tazama mwaka huu wa 2026: Ijumaa Kuu ni tarehe 3 Aprili, Jumatatu ya Pasaka ni 6, na Karume ni 7. Ukipita Alhamisi tarehe 2, ofisi zinafunguliwa tena Jumatano ya tarehe 8, siku yako ya mwisho. Kwa hesabu ya kweli basi, barua iwe imefika kabla ya tarehe 2 kuisha.

Kuhusu cheti: sheria yetu ya usajili wa vizazi inatoa siku 90 za kumsajili mtoto, na bima inakupa 30. Ndiyo maana kampuni za bima hupokea tangazo la kizazi, ile karatasi mnayopewa hospitali mama anaporuhusiwa, yenye tarehe, jinsia, mahali alipozaliwa na jina la mama. Hiyo inatosha kuthibitisha kwamba mtoto amezaliwa na amezaliwa lini, na kwa hatua hii hicho ndicho kampuni ya bima inachotaka kujua. Ofisa akikuambia "lete cheti kwanza ndipo tupokee", mwombe kwa upole apokee barua na tangazo, agonge muhuri, halafu aandike pembeni kwamba cheti kinasubiriwa. Kinachosimamisha saa ni taarifa. Vielelezo vinaweza kuja baadaye, kwa muda mtakaokubaliana.

Jina nalo lisikuzuie. Andika "Mtoto wa kike wa" kisha jina kamili la mama kama lilivyo kwenye kadi yake ya bima. Wazee wakishaelewana utaleta barua ya pili ya kurekebisha jina.

Barua yenyewe ni fupi. Mimi huwashauri wenzangu waiandike hivi:

> Tarehe: ............
>
> Meneja Utumishi,
> (Jina la kampuni yako)
>
> Nakala: Kitengo cha Uanachama, (Jina la kampuni ya bima)
>
> YAH: KUONGEZA MTOTO MCHANGA KWENYE BIMA YA AFYA YA FAMILIA, MWANACHAMA NA. ............
>
> Husika na somo tajwa hapo juu.
>
> Natoa taarifa kwamba mke wangu, (jina kamili), mwanachama na. ............, amejifungua mtoto wa kike tarehe 10 Machi 2026 katika hospitali ya ............
>
> Naomba mtoto huyu aingizwe kwenye bima ya familia yangu kuanzia tarehe aliyozaliwa, yaani 10 Machi 2026. Taarifa hii inatolewa ndani ya siku 30 kwa mujibu wa kifungu cha ............ cha mkataba.
>
> Kwa sasa asajiliwe kwa jina la "Mtoto wa kike wa (jina la mama)". Jina kamili na nakala ya cheti cha kuzaliwa nitaviwasilisha mara vitakapopatikana.
>
> Niko tayari ada ya nyongeza ikokotolewe kuanzia tarehe hiyo ya kuzaliwa.
>
> Naambatisha nakala ya tangazo la kizazi na nakala za kadi za bima za wazazi.
>
> Wako mtiifu,
> (Saini, jina, namba ya mfanyakazi, simu)

Kifungu cha mkataba usikibuni. Omba ofisi ya utumishi ikuoneshe mkataba wenyewe, kwa sababu kile kijitabu cha wanachama mara nyingi kimefupishwa. Namba yake ukikosa, andika tu "kwa mujibu wa mkataba".

Sentensi inayobeba barua yote ni ile ya "kuanzia tarehe aliyozaliwa". Barua nyingi ninazoletewa zinasema tu "naomba mtoto wangu aongezwe kwenye bima", na karani wa bima anapoingiza taarifa kwenye mfumo, anaweka tarehe ya siku hiyo anayoingiza. Hapo linatokea pengo kati ya kuzaliwa na kusajiliwa, na mtoto mchanga anaugua hasa katika pengo hilo. Manjano, homa, pumzi, kitovu, vyote ni vya wiki za mwanzo. Gharama za pengo hilo zinakuwa zako. Tena ugonjwa uliotibiwa humo unaweza kuja kuhesabiwa kama hali aliyokuwa nayo kabla ya kuingia kwenye bima, na hiyo ni hasara inayomfuata mtoto muda mrefu.

Hili la manjano lilinipata nyumbani. Kitinda mimba wetu aliwekwa chini ya zile taa za bluu siku chache baada ya kuzaliwa. Mhasibu wa hospitali akanieleza kwamba kadi ya mama inalipa uzazi na huduma za kawaida za mtoto akiwa na mama yake, lakini mtoto akilazwa kama mgonjwa anafunguliwa faili lake, na bili yake inasimama peke yake. Barua nilikuwa nimeshaipeleka. Hata hivyo bili ilipofika kwa kampuni ya bima ilirudi imekataliwa, kwa maelezo kwamba mtoto ameanza kulindwa tarehe ambayo orodha ya mwisho wa mwezi kutoka kazini ilipokelewa. Nikaenda na nakala yangu: muhuri wao wa kupokelea, tarehe, saini, na sentensi inayotaja tarehe ya kuzaliwa. Yule dada wa dirishani aliisoma, akaingia ndani nayo, na tarehe ikarekebishwa. Bila ule muhuri ningekuwa na maneno matupu.

Na hapo ndipo penye jambo ambalo watu hawalijui. Kwenye bima ya kazini mwenye mkataba ni mwajiri wako, wewe ni mwanachama tu. Kuna mikataba inayohesabu taarifa kuwa imetolewa pale mwajiri anapoifikisha kwa bima, si pale wewe unapompa mwajiri. Ofisi ya utumishi ikikusanya majina na kuyapeleka mara moja kwa mwezi, siku zako zinaweza kuishia kwenye droo yao. Ndiyo sababu ya ile nakala. Peleka karatasi mbili kazini, moja wabaki nayo, nyingine igongwe muhuri urudi nayo. Kisha tuma barua hiyohiyo na tangazo kwa barua pepe kwa kitengo cha uanachama cha bima, na kwa wakala wa bima kama kampuni yenu inamtumia, meneja utumishi akiwa kwenye nakala. Omba wajibu kwamba wameipokea, na jibu hilo ulihifadhi pamoja na nakala yenye muhuri.

Kuhusu ada, utaona mikataba mingi inaandika familia kwa alama. Wewe na mke na watoto wawili ni M+3, sasa mnakuwa M+4. Uliza kama mwajiri analipia M+4 au nyongeza itakatwa kwenye mshahara wako, na uliza pia kikomo cha wategemezi ni wangapi. Ada hukokotolewa kwa siku zilizobaki za mwaka wa bima. Tuseme nyongeza ya mtoto mmoja ni shilingi 730,000 kwa mwaka, na bima yenu inaanza 1 Januari na kuisha 31 Desemba. Hiyo ni shilingi 2,000 kwa siku. Kuanzia 10 Machi zimebaki siku 297 ukihesabu na hiyo ya 10, kwa hiyo ada ni shilingi 594,000.

Hesabu hiyo iweke karibu, kwa kuwa inakusaidia kukagua. Ankara ya bima ikija na shilingi 540,000, usifurahi kwamba imepungua. Gawa kwa 2,000, unapata siku 270, maana yake wamemwanzisha mtoto tarehe 6 Aprili. Umepunguziwa shilingi 54,000 na umeachwa bila bima kwa siku 27 za kwanza za maisha yake. Rudisha ankara hiyo siku hiyohiyo, uombe irekebishwe.

Mkishapata jina na cheti, barua ya pili iseme wazi kwamba ni *marekebisho ya jina* la mtegemezi ambaye tayari amesajiliwa, na utaje namba ya uanachama aliyopewa. Ukiandika "naomba kumwongeza" kwa mara ya pili, anaweza kuingizwa kama mtu mpya mwenye tarehe mpya ya kuanza, na vipindi vya kusubiri vikaanza upya. Nimeyaona hayo kwa mfanyakazi mwenzetu, na kuunganisha zile namba mbili kulichukua muda kuliko usajili wenyewe. Jina liandikwe herufi kwa herufi kama cheti kinavyosema.

Usisahau kusoma kifungu cha maradhi ya kuzaliwa nayo na watoto njiti. Mara nyingi yana kikomo chake cha fedha, kidogo kuliko kile cha kulazwa kwa kawaida, na kumwandikisha mapema hakukiongezi. Kama mtoto wako anahitaji matibabu ya aina hiyo, hospitali iombe kibali kwa bima mapema kwa namba ya mtoto, wasitumie namba ya mama.

Ikiwa barua ilifika ndani ya muda na bado wanakataa tarehe ya kuzaliwa, andika malalamiko rasmi kwa kampuni ya bima ukiambatisha nakala yenye muhuri, na uwaombe wajibu kwa maandishi. Wakishikilia msimamo wao, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambayo hupokea malalamiko ya mwananchi aliyeshindwana na kampuni yake. Watataka kwanza kuona kwamba ulianzia kwenye kampuni, hivyo barua ya malalamiko na majibu yake uende navyo.

Ukipata namba ya mtoto, usingoje kadi ya plastiki. Piga simu bima, waulize tarehe ya kuanza iliyoko kwenye mfumo wao. Wakikutajia 10 Machi, umemaliza.