Kubandika ujumbe wa malipo kwenye kitafsiri cha mtandaoni: nini kifutwe?

"Wakuu, muuzaji wangu wa Guangzhou Kiingereza hajui. Nataka kumwandikia kwa Kichina kwamba pesa nimeshatuma ila mzigo haujatoka. Ujumbe una akaunti yangu, yake, NIDA na pasipoti. Kabla sijaubandika kwenye kitafsiri, nifute nini?"

Mkuu, mimi pia naagiza mzigo huko huko. Kipimo changu ni kujiuliza kama kitafsiri kinakihitaji kitu hicho ili sentensi ieleweke. Namba ya akaunti haina Kichina chake, itatoka kama ilivyoingia, basi haina haja ya kuingia. Kiasi, tarehe, idadi ya katoni na jina la bidhaa viache, maana ndivyo vinavyobeba lalamiko lenyewe.

Ila usifute ukaacha pengo, sentensi itapinda. Weka alama fupi ambayo kitafsiri hakitaigusa:

"Tarehe 4 Machi mimi X1 nilituma dola 2,300 kutoka akaunti X2 kwenda akaunti yenu X3. Katoni 40 za makava ya simu bado hazijatoka ghalani."

X1 ni jina lako, na kila namba nayo ipewe alama yake. Ukiandika X kote, Kichina kitakachotoka hakitaonyesha nani kamlipa nani. Tafsiri ikija, hesabu alama, kisha irudishe kwa Kiswahili uone kama X2 na X3 hazijabadilishana nafasi. Hapo ndipo unarudisha namba halisi, kwenye simu yako, kwa kunakili na si kwa kuandika upya.

Wengine hubuni namba ya uongo badala ya alama. Mimi sishauri. Ukisahau kuibadilisha, muuzaji ataiona ni namba kamili na pesa ya kukurudishia ataielekeza huko.

NIDA usiikate nusu. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, kwa hiyo ukificha za mwisho tu bado umejitangaza. Iondoe yote. Msimbo wa SWIFT wacha, huo ni wa benki na unajulikana. Kama unabandika na meseji ya muamala wa simu, angalia mwishoni: kuna salio lako pale, na watu wengi hawalioni.

Na hii si hofu ya bure. Mwaka 2017 shirika la utangazaji la Norwei, NRK, liliripoti kwamba maandishi ya wafanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Statoil, waliyoyapitisha kwenye kitafsiri cha bure, yalikuwa yanapatikana kwa kutafuta tu Google.

Risiti ya benki usiipitishe kwenye kitafsiri, mtumie picha moja kwa moja kwenye WeChat. Ila NIDA na pasipoti sioni vinaingiaje kwenye lalamiko la mzigo. Akivitaka, muulize kwanza ni vya nini.