Uthibitisho wa kikomo uliogeuzwa kichwa chini: unakata alama wapi?

Swali: Wakuu, nina rundo la karatasi za mtihani wa analisisi. Walitakiwa kuthibitisha kwa epsiloni na delta kwamba x² inakaribia 9 pale x inapokaribia 3. Wengi wameanza na |x² − 9| < ε, wakateremka hadi δ = ε/7, wakaandika "imethibitika". Mwenzangu anasema ε/7 ndiyo iliyomo kwenye mwongozo, tuwape alama zote. Mimi roho inasita. Ninyi mnasahihishaje?

Jibu:

Roho yako inasita kwa haki, lakini usikate alama kwa hasira. Karatasi za aina hii nimezisahihisha kwa miaka, na ndani ya hilo rundo mna makosa mawili yanayofanana kwa sura tu. Moja ni la mwelekeo wa hoja, jingine ni la asili ya delta. Mwanafunzi anaweza kuwa na moja bila jingine, kwa hiyo yapime kila moja peke yake.

Karatasi ya kawaida husomeka hivi:

```
|x² − 9| < ε
|x − 3||x + 3| < ε
|x + 3| < 7
|x − 3| < ε/7
δ = ε/7
```

Kwanza angalia kinachounganisha mistari. Mara nyingi hakuna kitu, au kuna "hivyo" kila mahali. Ukisoma kama ilivyoandikwa, mwanafunzi amekubali kwamba |x² − 9| < ε, kisha akahitimisha kwamba x iko karibu na 3. Alichoulizwa ni kinyume chake: x ikiwa karibu na 3, je, x² iko karibu na 9?

Mimi hushika kalamu na kuusoma uthibitisho kutoka chini kwenda juu, nikijiuliza kwa kila mstari kama unauzaa ule ulio juu yake. Hapa mstari wa nne unauzaa wa pili vizuri kabisa: kama |x − 3| < ε/7 na |x + 3| < 7, basi zidisha, unapata chini ya ε. Kushuka ndiko kusikowezekana. Kujua kwamba |x − 3| < ε/|x + 3| hakukupi |x − 3| < ε/7, kwa sababu |x + 3| ikiwa chini ya 7, ε/|x + 3| ni kubwa kuliko ε/7. Yaani hatua hiyo ina njia moja tu, na mwanafunzi ameipita upande uliofungwa. Hili si suala la mwandiko mzuri. Sentensi aliyoandika si kweli.

Linganisha na kikomo cha 3x + 1 pale x inapokaribia 2. Kule |3x + 1 − 7| < ε ni sawasawa na |x − 2| < ε/3, kwenda na kurudi. Aliyeteremka akaweka alama ya ⇔ kila mstari hana deni lolote kwangu. Asiyeiweka namkata kidogo tu. Nadhani tabia yenyewe inazaliwa hapo: mifano ya mwanzo darasani huwa ya mstari ulionyooka, ambako kugeuza hoja hakumdhuru mtu, halafu ghafla tunawaletea x².

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuja kulalamika kwamba nimemnyima alama wakati "jibu ni lile lile". Nilimpa funksheni hii: f(x) = x kama x ≤ 0, na f(x) = x + 1 kama x > 0. Nikamwomba athibitishe kwa njia yake kwamba kikomo pale x inapokaribia 0 ni 0. Anza na |f(x)| < ε. Kama x ≤ 0, basi |x| < ε. Kama x > 0, basi x + 1 < ε, na kwa vyovyote x < ε. Chukua δ = ε, "imethibitika". Ila kikomo hicho hakipo kabisa: ukija kutoka kulia funksheni inakwenda 1. Njia inayothibitisha jambo la uongo kwa urahisi uleule haiwezi kupewa alama zote. Hakurudi tena, ingawa sijui kama aliridhika au alichoka nami.

Sasa delta. Mtiririko wa tafsiri ya kikomo ni kwamba ε inatolewa kwanza, δ inachaguliwa kwa kuitazama ε hiyo, kisha ndipo x inaingia. Kwa hiyo ukikuta δ = ε/|x + 3|, na utakuta, huyo amechagua delta kwa kutazama x ambayo bado haijafika. Hilo ni kosa zito kuliko yote kwenye rundo, kwa sababu linaonyesha hajashika nani anatangulia nani. Hakuna cha kurekebisha hapo bila kuanza upya.

ε/7 ni hadithi nyingine. Swali la kumuuliza ni moja: 7 imetoka wapi? Inatoka kwenye kukubaliana kwanza kwamba |x − 3| < 1, yaani x iko kati ya 2 na 4, na hivyo x + 3 iko kati ya 5 na 7. Asipoandika sharti hilo, mstari wa |x + 3| < 7 umening'inia. Na sharti lazima liingie ndani ya delta yenyewe: δ ni ndogo kati ya 1 na ε/7. Ukitaka kumwonyesha kwamba si urembo, chukua ε = 14. Delta yake inakuwa 2. Weka x = 4.9, umbali wake na 3 ni 1.9, imepita. Lakini 4.9² ni 24.01, tofauti na 9 ni 15.01, imevuka 14.

Hata hivyo kuwa mwangalifu: ε/7 peke yake inafanya kazi kwa kila ε isiyozidi 7, maana hapo δ haivuki 1. Aliyeandika mwanzoni "inatosha kuchukua ε ≤ 7" yuko sahihi kabisa, kwani delta inayotosha kwa ε ndogo inatosha kwa iliyo kubwa zaidi. Usimkate kwa sababu tu mwongozo wako una sura tofauti. Lakini ε/6, ambayo wengine huipata kwa kuweka x = 3 ndani ya x + 3, haifai hata kwa ε ndogo. Kwa ε = 0.6, δ ni 0.1, na x = 3.099 inatoa tofauti ya takriban 0.604. Punguza ε upendavyo, x iliyo kulia karibu na mpaka itaivuka daima.

Kwa alama 10 mimi hugawa hivi. Aliyeteremka kwa rafu kisha akaandika chini yake "chukua ε > 0, weka δ..." na kupanda vizuri, anapata zote, rafu si uthibitisho na siisahihishi. Aliyeteremka tu, lakini sharti la |x − 3| < 1 lipo na delta ina sehemu zote mbili, nampa 6: malighafi yote anayo, hajajenga. Aliyeteremka akafika ε/7 bila kusema 7 imetoka wapi, 4. Aliyepanda vizuri ila akasahau ile 1 ndani ya delta, 7 au 8 kutegemea kama sharti limetajwa popote. Delta yenye x ndani yake haizidi 2, na hizo ni za kugawanya x² − 9 kuwa (x − 3)(x + 3).

Mwenzako mpe ile funksheni yenye mruko kabla hamjaanza kubishana kuhusu alama.