Mende kwenye fleti: dawa analipa nani?

"Nimepuliza mara mbili, mende wanarudi. Mwenye nyumba anasema nijilipie. Ni sawa?"

Angalia mkataba kwanza. Kama haujasema, mwombe mwenye nyumba ahudumie jengo zima, maana mende wanapita kwenye njia ya mabomba toka fleti moja hadi nyingine. Anayesema mende ni uchafu wa mpangaji yuko sahihi nusu: makombo na ndoo ya taka ni juu yako, mabomba si yako. Kama waliingia na makabati yako ya mtumba, hapo mtabishana.

Dawa ya kupuliza haipenyi kifuko cha mayai, na cha wale mende wadogo wa jikoni kina mayai 30 hadi 40. Ndiyo maana wanatokea upya. Tumia jeli ya kuua mende: vitone kama punje ya choroko kwenye bawaba za kabati, nyuma ya friji na chini ya sinki, urudie baada ya wiki mbili. Usipulizie chochote karibu nayo, hawataigusa.

Dada mwingine ameuliza nani alipie dawa ya mchwa kwenye nyumba aliyopanga: mchwa wanakula fremu na paa la mwenye nyumba, kwa hiyo ni juu yake. Mwandikie leo, utunze nakala.