Pipa moja, lebo mbili: kwa nini jina linauzwa

"Wakuu, kaka yangu yuko kiwandani, anasema sabuni ya maji yenye jina kubwa na ile ya bei chee zinachotwa pipa moja. Kama ndivyo, sisi tunaolipia jina tunaibiwa au kuna kitu hatukijui?"

Kaka yako hakudanganyi, ila amekupa nusu ya habari. Nimekaa miaka sita kitengo cha ubora kwenye kiwanda kilichokuwa kikijaza sabuni ya kuoshea vyombo kwa niaba ya wengine. Tulikuwa na wateja wawili wakubwa: mmoja ana jina ambalo kila mtu analijua, mwingine anauza kwa lebo isiyo na mbele wala nyuma. Mchanganyiko ulikuwa karibu ule ule. Maji, ungarol ya povu, chumvi ya kuifanya iwe nzito, rangi, manukato, dawa ya kuizuia isioze. Tofauti ilikuwa rangi na harufu, basi.

Sasa sikiliza hapa kwenye chumvi. Sabuni ya aina hii ukiiongezea chumvi inazidi kuwa nzito, mpaka ifike mahali fulani. Ukipita hapo, hata kwa kidogo, inaanza kulegea tena, na hakuna namna ya kuichomoa chumvi ikishaingia. Ungarol nayo haiji na nguvu ile ile kila mara, kwa hiyo kipimo cha chumvi kilichofaa jana leo kinaweza kuharibu. Ndiyo maana kila pipa lilipimwa. Unajaza kikombe chenye tundu chini, unaachia, unahesabu sekunde mpaka kiishe. Mwenye jina alitaka kati ya sekunde 55 na 65. Yule wa pili alipokea chochote kuanzia 40 hadi 80.

Siku moja zamu ya usiku walizidisha chumvi, pipa likatoka na sekunde 47. Asubuhi nikalijaribu tena mara tatu, jibu lile lile. Kwa mwenye jina hilo ni pipa lililokataliwa, hakuna mjadala. Halikumwagwa. Lilitiwa rangi nyingine, likajazwa kwenye chupa za mteja wa pili, na kwa mkataba wake lilikuwa halali kabisa. Inaosha? Inaosha. Ila ni nyepesi, unamimina nyingi kuliko ulivyokusudia, chupa inaisha mapema. Wiki iliyofuata pipa likatoka na sekunde 60, likagawanywa kwa wote wawili, na mnunuzi wa lebo ya rahisi akapata sabuni ile ile ya mwenzake kwa bei yake ya chini.

Kwa hiyo ukipima wastani wa mwaka mzima utaona bidhaa mbili zinazofanana. Kilichotofautiana ni kuyumba. Ukinunua jina unanunua uhakika kwamba chupa ya leo itakuwa kama ya mwezi jana, na kwamba mabaya yamekwenda kwa mtu mwingine.

Swali linalofuata ni kwa nini mwenye jina ajisumbue, wakati hakuna anayemwona. Wachumi wawili, Benjamin Klein na Keith Leffler, walilieleza vizuri mwaka 1981: ile nyongeza ya bei ndiyo inayomfunga. Akiuza mbovu leo anaokoa gharama kidogo, lakini akigundulika anapoteza nyongeza yote ambayo angeivuna kwa miaka ijayo. Jina ni kama dhamana aliyoiweka mezani. Yule asiye na jina hana cha kupoteza. Lebo ikichafuka anachapisha nyingine. (Ndiyo maana pia sikuwahi kushtuka kuona mwenye jina akimwaga pesa kwenye matangazo. Tangazo lisilosema lolote la maana bado linakuonyesha kwamba mtu huyu amezika mtaji hapa na hana mpango wa kuhama kesho.)

Je, nyongeza inastahili kulipwa? Hapo inategemea ubovu utakugharimu nini. Chukua namba za mfano tu. Lebo ya kawaida ni 100, yenye jina ni 130. Tuseme ya kawaida hukuangusha mara 10 katika 100, yenye jina mara 2. Kwa sabuni, ukiangushwa umepoteza bei ya chupa tu, hivyo hasara unayoikwepa haizidi wastani wa 8 kwa kila chupa. Kulipa 30 ili ukwepe 8 ni hesabu mbaya. Sasa weka rangi ya ukuta kwa bei hizo hizo. Ikibanduka, utanunua tena rangi na kumlipa fundi, tuseme jumla 500. Mara 10 katika 100 ni hasara ya wastani wa 50; mara 2 ni 10. Unakwepa 40 kwa kulipa 30. Mnunuzi ni yule yule na nyongeza ni ile ile, lakini kwenye rangi jina limejilipa na kwenye sabuni halijajilipa.

Kuna upande ambao jina halibakiwi na kazi kubwa, nao ni pale sheria imeshabana kuyumba kwa wote. Dawa za maumivu ni mfano mzuri. Kiwango cha Uingereza cha vidonge vya parasetamoli kinataka viwe na asilimia 95 hadi 105 ya dawa iliyoandikwa, awe ametengeneza nani. Wanaolijua hili wananunua tofauti na sisi: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta wafamasia wanachagua dawa ya kichwa yenye jina kubwa badala ya lebo ya duka asilimia 9 tu ya mara, wakati mnunuzi wa kawaida ni asilimia 26. Mahali ambapo ukaguzi ni wa kwenye karatasi tu, kuyumba kunarudi kama kule kwa sabuni, na hesabu inategemea tena ubovu utakugharimu nini. Na usibadilishe kampuni kiholela kwa dawa kama za kifafa au warfarini ya kuzuia damu kuganda bila kumwambia daktari, maana huko tofauti ndogo mwilini ina uzito.

Lakini nisikuache ukidhani yote ni hesabu. Mwaka huo huo wa 1981 huko Uingereza kulichapishwa jaribio la wanawake 835 wenye kuumwa kichwa mara kwa mara. Wengine walipewa aspirini, wengine kidonge kisicho na dawa, na kila kundi likagawanywa: nusu pakiti yenye jina maarufu, nusu pakiti tupu. Aspirini ilishinda, kama ilivyotarajiwa. Ila pakiti yenye jina iliongeza nafuu hata kwa waliomeza kidonge kisicho na kitu. Hao walilipwa na lebo yenyewe, na sijui utamwambiaje mtu ambaye kichwa kimepoa kwamba ameibiwa.

Nyumbani kwangu sabuni ya vyombo ni ya lebo ya rahisi, na kabla ya kununua naigeuza chupa juu chini nione kipovu cha hewa kinapanda kwa kasi gani. Kikikimbia, naiacha, nachukua ya tarehe nyingine. Rangi nanunua ya jina.

Kaka yako muulize kitu kimoja: kwao pipa likikataliwa huwa linakwenda wapi?